Mtoto wa Kulea Asiyelia



Mwezi uliopita ilitufikia barua ya mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, naye atuomba jibu kabla jamaa zake hawajakutana kufanya shauri. Marehemu dada yake aliacha mtoto wa kiume, na baba wa mtoto yu mbali kwa kazi. Mtoto alikaa kwanza na bibi yake mpaka bibi akashikwa na maradhi. Kisha akapelekwa kwa mjomba, akakaa miezi minne. Na sasa ana miezi saba nyumbani kwa mama huyu, ambaye ni mama yake mkubwa. Umri wake ni miaka mitatu na nusu. Mama huyu atuandikia hivi: "Mwalimu, mtoto hanisumbui wala halii. Lakini nikimbeba hujikaza kama kijiti, na akija mgeni asiyemjua humpanda mapajani na kutaka aondoke naye. Mume wangu asema mtoto hana mapenzi nasi, na wazee wataka kumhamishia kwa baba yake mdogo, huenda huko akapendezewa. Je, tumemkosea nini?"

Jibu letu ni fupi, lakini sababu zake ni ndefu. Jibu ni kwamba msimhamishe. Ama sababu zake tutazieleza kwa kisa ambacho kosa lake la kwanza lilikuwa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa chuoni kwetu binti mdogo wa miaka minne na miezi michache. Naye mama yake alikuwa amefariki, na tangu hapo alikuwa amepita katika nyumba mbili kabla ya kufika kwa mama yake mkubwa, dada wa mama. Siku ya kwanza watoto wenzake walilia walipoachwa mlangoni, yeye hakulia. Aliketi juu ya mkeka, akakunja miguu, akatazama ubao. Mama yake mkubwa alipoondoka hakugeuka, na aliporudi kumchukua hakuinuka mpaka alipoambiwa. Sisi tulifurahi. Tulimsifu mbele ya wenzake, tukasema, "Mtazameni huyu, ndiye mtoto mwenye adabu."

Baada ya wiki chache tuliona mambo mengine. Siku moja alianguka kwenye kizingiti akachunika goti, damu ikamtoka. Hakulia, hakumtazama mtu, alifuta damu kwa ncha ya mtandio wake akarudi mahali pake. Siku nyingine alikuja mtu kutengeneza mlango. Mtoto akamshika mkono, na alipoondoka tulimkuta naye njiani. Kisha tukagundua ndani ya mfuko wake wa juzuu vipande vya mahamri vilivyokauka, na nyumbani vivyo hivyo chini ya mto. Hapo tulianza kujua kuwa tulichokisifu hakikuwa adabu.

Yatupasa kwanza tufahamu jinsi mtoto aliyetulia alivyo. Mtoto mchanga huanza kwa kupokea kila mtu. Lakini afikapo kama miezi sita au saba huchagua. Huwajua watu wachache, aghalabu mmoja zaidi ya wote, akawafanya egemeo lake. Akiogopa hukimbilia kwao, akiumia huwalilia, na akitulia huwaacha akaenda kucheza, huku akigeuka mara kwa mara kuhakikisha kuwa wapo. Mambo haya yalichunguzwa mapema hapa hapa Afrika ya Mashariki. Bibi mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alikuwako Uganda katika miaka ya 1954 na 1955, akizuru nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga 28 pamoja na mama zao. Na kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1967. Aliona kuwa mtoto aweza kushikamana na watu zaidi ya mmoja, kama mama na bibi na ndugu mkubwa, wala hilo halimdhuru. Aliona pia kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa wa wale mama ambao, wakiulizwa habari za mtoto, waliweza kueleza mambo yake madogo madogo: apenda kulazwa vipi, hulia vipi kwa njaa na vipi kwa usingizi. Kwa hiyo egemeo la mtoto hujengwa na mtu anayemsoma na kumjibu, siku baada ya siku.

Sasa mtu huyo akiondolewa ghafla, huwa nini? Mwaka 1952, Mwingereza mmoja aitwaye James Robertson alionyesha picha za senema za mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali mjini London bila ya mama yake. Yeye na daktari John Bowlby walieleza hali tatu zinazofuatana. Kwanza mtoto hupinga: hulia, humwita mama, hutazama mlango. Kisha hukata tamaa: huwa kimya, hujikunja, chakula hakimwingii. Na hali ya tatu ndiyo inayotudanganya sisi wazima. Mtoto huanza tena kula, hucheka na kila mtu, hupokea zawadi kwa yeyote, na watu husema, "Alhamdulillahi, amesahau." Kumbe hakusahau, bali ameacha kutaraji. Amejifunza kuwa anayependwa huondoka, basi lililo salama ni kutomhitaji mtu hata mmoja na kuwachangamkia wote. Na kila akihamishwa nyumba, funzo hilo huzidi kukazwa.

Kwa hivyo, ewe mama uliyetuandikia, mtoto wako hana uchoyo wa mapenzi wala hana ujeuri. Yule anayekikalia kiti cha mgeni na yule anayejikaza mikononi mwako ni mtoto mmoja mwenye hofu moja. Mgeni hana hatari kwake, kwa kuwa akiondoka hampotezei kitu. Wewe ndiwe mwenye hatari, kwa sababu wewe waweza kupendwa.

Hapa pana mtego ambao walezi wengi wema hunasa. Mtaalamu wa Marekani, Mary Dozier, ambaye amewafunza walezi wa watoto wadogo wa kupewa, ameonyesha kuwa mtoto aliyevunjika namna hii humfundisha mlezi wake amwache. Mlezi akinyosha mkono, mtoto hugeuza uso, mlezi huona haya, au huumia moyoni, akasema, "Basi, hanitaki." Mara ya pili mkono haunyoshwi mbali, na mara ya tatu haunyoshwi kabisa. Ndipo mtoto huthibitisha alilolidhani. Kwa watoto wengine twangoja waombe ndipo tuwape; kwa huyu sharti apewe faraja asiyoiomba, kama vile mgonjwa asiye na hamu ya chakula hupewa uji kidogo kidogo bila ya kungoja aseme ana njaa.

Turudi kwa yule binti wa chuoni. Mama yake mkubwa alishauriana nasi na muuguzi mmoja wa kliniki ya watoto, mwanamke mtu mzima aliyewaona wengi wa namna hii. Alimwelekeza mambo machache, nasi twayaandika kwa utaratibu alioyafuata.

Jambo la kwanza lilikuwa kumpa mtoto mtu mmoja wa dhahiri. Nyumba ile ilikuwa na watu tisa, na kila mmoja alimhurumia: huyu alimwogesha, yule alimlisha, mwingine alimlaza. Huruma hiyo ilikuwa njema, lakini kwa mtoto ilikuwa kama soko. Muuguzi alisema kwa miezi mitatu ya mwanzo mama mkubwa mwenyewe amwogeshe, amlishe na kumlaza. Wengine wacheze naye na kumsemesha kwa upole, lakini akitaka chakula, au akiumia, wamwambie, "Twende kwa mama mkubwa," wamfikishe kwake. Na wageni waliombwa wasimpakate. Baadhi ya jamaa waliona huko ni kumnyima mtoto mapenzi. Lakini ilikuwa kumwonyesha mlango wake uko wapi. Baada ya mlango huo kujulikana, milango mingine ilifunguliwa mmoja mmoja, kwanza wa bibi, kisha wa binti mkubwa wa nyumba.

Jambo la pili lilikuwa kujibu haja iliyofichwa. Mtoto akianguka bila kulia, mama mkubwa alikuwa akienda pale pale, huinama mpaka macho yao yakalingana, husema, "Umeumia. Mimi nipo," kisha huosha jeraha taratibu. Hakumkumbatia kwa nguvu. Aliweka mkono mgongoni mwake, na mtoto akijikaza aliuondoa, akabaki karibu. Sisi nasi chuoni tuliambiwa tufanye vivyo, na kuacha kumsifia ukimya wake. Ama habari ya chakula, hakupigwa wala hakuitwa mwizi. Aliwekewa kikombe chenye kifuniko kando ya kitanda, na kila usiku kilitiwa kipande cha mkate au ndizi. Aliambiwa, "Hiki chako, na kesho kitajazwa tena." Kwa wiki sita alificha vingine vile vile. Kisha siku moja kikombe kilikutwa asubuhi na mkate wake ndani, na baada ya hapo hatukuona tena mahamri mfukoni.

Jambo la tatu lilikuwa marehemu mama yake. Jamaa, kwa kumhurumia, walikuwa hawalitaji jina la mama mbele yake, na nguo zote zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Ilipatikana kanga moja kwa bibi yake, nayo haikuwa imefuliwa. Muuguzi alisema isifuliwe, kwa kuwa harufu hukaa katika kumbukumbu ya mtoto mahali maneno yasipofika. Alilala nayo. Aliambiwa kwa maneno ya wazi kwamba mama amekufa, kwamba mtu akifa harudi duniani, kwamba hakufa kwa kosa la mtoto, na kwamba twamwombea dua. Hakuambiwa kuwa mama "amesafiri" au "amelala". Kwani mtoto anayeambiwa hivyo hungojea safari iishe, au huogopa kulala. Wala hakulazimishwa kumwita mama yake mkubwa "mama". Kitabu chetu kitukufu, katika sura ya Al-Ahzab, kimetufunza kuwaita watoto wa kulea kwa baba zao. Na miongoni mwa hekima tuionayo humo ni kuwa mtoto hajengwi kwa kufutiwa asili yake. Yeye akipenda kusema "mama" kwa hiari yake, ni jambo la furaha, lakini lisiwe sharti la mapenzi.

Na kuna neno moja ambalo muuguzi alilikataza kabisa, nalo latumika sana majumbani mwetu: "Ukifanya utundu nitakurudisha ulikotoka." Kwa mtoto mwenye wazazi maneno haya ni mzaha wa ukali. Kwa mtoto aliyekwisha kupelekwa nyumba tatu si mzaha, ni habari ya kweli aliyoingojea. Kadhalika fimbo. Mtoto akiogopa, maumbile yake humpeleka kwa mlezi wake. Na ikiwa mlezi ndiye anayeogopesha, mtoto huwa hana pa kukimbilia. Adabu hufundishwa kwa kumzuia mkono anapopiga, kumwambia kwa maneno machache kosa lake, na kumketisha karibu nawe, si kumfungia nje peke yake.

Miezi mitatu ilipita, ikawa minne, wala hatukuona mabadiliko ila lile la kikombe. Ndipo katika mwezi wa tano lilitokea jambo ambalo nusura liharibu kazi yote. Asubuhi moja, mama mkubwa alipotaka kumwacha mlangoni pa chuo, mtoto alilia. Alilia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, akamshika mama mkubwa miguu, akamwuma mkono aliyejaribu kumtenga. Nyumbani akawa humfuata mpaka mlango wa choo, na usiku huamka mara mbili tatu kumpapasa. Jamaa wakasema, "Ameharibika. Alikuja mtoto mtulivu, mmemdekeza." Mjomba wa nyumba akataka ahamishwe. Na sisi, twakiri, tuliona udhia, tukataka kumwambia mama mkubwa amweke nyumbani mwaka mmoja.

Muuguzi yule alipopewa habari alitabasamu akasema, "Sasa amefika." Akaeleza kuwa mtoto alianza kwa kutolia kwa sababu hakuwa na wa kumlilia, na kwamba kilio kile kilikuwa hali ya kwanza, ile ya kupinga, imerudi kwa kuwa sasa lipo la kupoteza. Walezi wengi huwarudisha watoto wakati huu huu, kwa kudhani mambo yameharibika, ilhali ndiyo kwanza yameanza kutengenea. Lau mtoto angehamishwa mwezi ule, angejifunza kuwa siku alipofungua moyo wake ndiyo siku alipofukuzwa.

Hapo tulikumbuka jambo ambalo tumelisoma mara nyingi katika sira bila ya kulitia moyoni. Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa baba yake amekwisha kufariki. Mama yake, Bibi Amina, alifariki yeye akiwa na umri wa kama miaka sita. Akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, naye akafariki baada ya kama miaka miwili. Ndipo akapokelewa na ami yake Abu Talib. Amesimulia Ibn Is-haq kwamba Abu Talib alipokuwa tayari kutoka na msafara kwenda Sham, mtoto alimshikilia asimwache. Abu Talib hakumwambia kuwa mtoto wa kiume halii, wala hakumwita mtu aje kumng'oa. Alimhurumia, akamchukua safarini. Basi kama yeye aliye bora wa viumbe alimshika ami yake siku ya kuagana, tusimwone mtoto wetu kuwa amedeka.

Sisi hatuwezi kumchukua mtoto kila twendako, lakini kuna namna ya kuagana, nayo tuliifuata. Wiki ya kwanza mama mkubwa aliketi ndani ya chuo, karibu na mlango, mahali mtoto anapoweza kumwona. Wiki ya pili aliketi barazani, nje, akionekana kwa dirisha. Wiki ya tatu aliaga akaondoka kwa muda wa kisomo kimoja, na wiki ya nne akaondoka mpaka adhana ya Adhuhuri. Kila mara aliaga kwa maneno yale yale: "Nakwenda, nitarudi wakati fulani." Hata siku moja hakutoroka mtoto akiwa ameshughulika, ingawa kutoroka ni rahisi na huepusha kilio, kwani mtoto aliyetorokwa mara moja hawezi tena kucheza, hukaa akilinda mlango. Na alirudi kwa wakati aliousema. Siku moja alichelewa kwa sababu ya mvua, alipofika alisema, "Nimechelewa, uliogopa, nisamehe." Alimwachia pia ufunguo wa kabati lake, aushike mpaka arudi; na mtoto alielewa kuwa mtu haachi ufunguo wake asikokusudia kurudi.

Kilio kilipungua baada ya kama miezi miwili. Dalili tulizoambiwa tuzitazame zilionekana moja moja: alipoanguka alilia, akamtafuta mama mkubwa kwa macho; alipochukuliwa chuoni alikimbia kumlaki; na alipokuja mgeni alijificha nyuma ya nguo zake kwanza, kama wafanyavyo watoto wote. Hata hivyo tusiseme kuwa yote yalikwisha. Kila mwaka shule zilipofungwa, na siku jamaa walipofunga mizigo ya safari, alirudi kukosa usingizi na kuficha chakula kwa siku chache. Jeraha limepona lakini mahali pake pajulikana.

Yatubidi pia tueleze mipaka ya haya tuliyosema. Si kila mtoto mkimya ana maradhi ya kuvunjika moyo. Huenda masikio hayasikii vizuri, au ana upungufu wa damu, au usonji, ambao dalili zake aghalabu huonekana mapema, hata kwa mtoto ambaye hakutengwa na mama yake. Kwa hivyo apelekwe kliniki apimwe masikio, uzito na damu, na mlezi aeleze historia yake yote, nyumba alizopita na muda wa kila moja. Asicheleweshwe akiwa hali na uzito wapungua, akiwa amepoteza maneno aliyokuwa akiyasema, akijiumiza mwenyewe, au kukiwa na shaka kuwa alipigwa au kuchezewa vibaya alikotoka. Na ikiwa miezi sita imepita katika nyumba moja tulivu, na mtoto bado hamwendei mtu yeyote akiumia, atafutwe mtaalamu wa akili za watoto katika hospitali kubwa. Kwa hali hii yenyewe hakuna kidonge. Dawa yake ni mlezi yule yule asiyebadilika, na kazi ya mtaalamu ni kumsaidia mlezi huyo.

Wengine husema mtoto ana jini. Kumsomea Kur'ani na kumwombea ni jambo la kheri, na sauti ya mlezi anayesoma polepole wakati wa kulala humtuliza. Lakini kumfukiza moshi, kumshika kwa nguvu na kumpiga ili kitu kimtoke, hilo ni kumdhulumu mnyonge, na humwongezea hofu ile ile inayomwumiza.

Sasa twamgeukia mama aliyetuandikia. Waambie wazee wako kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kuhukumu jambo kama lenu. Alipokuwa akitoka Makka katika mwaka wa saba wa Hijra, binti wa Hamza, ambaye baba yake aliuawa Uhud, aligombewa na watu watatu, Ali na Jaafar na Zaid, kila mmoja akiwa na haki yake. Mtume alimpa Jaafar, kwa kuwa mkewe alikuwa dada wa mama wa mtoto yule, na akabainisha kuwa dada wa mama yuko katika daraja ya mama. Basi mtoto wako yuko mahali pake. Miezi saba si mingi kwa aliyepoteza mama, kisha bibi, kisha nyumba ya mjomba. Akimpanda mgeni mapajani, mwendee bila ya kumkaripia, umnyoshee mkono, useme, "Njoo kwangu." Akijikaza, legeza mkono lakini usiondoke. Mume wako naye achague jambo moja tu la kila siku awe nalo yeye, kama kumwosha miguu kabla ya kulala.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, kwamba lazima ahame kwa ugonjwa au kwa hukumu ya kadhi, basi asichukuliwe siku moja. Mlezi mpya na aje kwanza nyumbani kwako mara kadhaa, amlishe mbele yako. Kisha mtoto alale kwake usiku mmoja na kurudi, kisha siku mbili. Na aende na kanga yake na kikombe chake, akiambiwa siku utakayokuja kumzuru, nawe uje siku hiyo.

Lakini ikiwa halikulazimu, usimtoe. Huenda mwezi mmoja utakuja akaanza kulia, akakushika nguo mbele za watu na kukuaibisha. Siku hiyo usione haya. Tuandikie, nasi tutamshukuru Mwenyezi Mungu pamoja nawe.

Wassalaam.